Rilei Inayogongagonga: Namna ya Kukokotoa Vizingiti Viwili vya Komparata

Kuna ubovu wa mitambo midogo ya sola ambao mafundi wengi wanaujua kwa sauti. Jua limezama zamani, watu wametumia taa, televisheni na friji ndogo, betri imeanza kuchoka. Ghafla taa zote zinazima, zinawaka, zinazima tena, na ndani ya kasha la kinga ya betri rilei inagonga mfululizo kama mtu anayebisha hodi bila kuitikiwa. Baada ya siku kadhaa za hali hiyo rilei inaungua midomo. Fundi anaitwa, anaweka rilei mpya, na mpya nayo inakwenda njia ileile. Rilei haina kosa. Kosa liko kwenye rezista moja tu, ile inayorudisha sehemu ya volteji ya tokeo la komparata kwenye pembejeo yake, ambayo thamani yake iliwekwa kwa mazoea badala ya hesabu.

Komparata ni kifaa kinachotazama volteji mbili na kusema ipi kubwa. Volteji ya pembejeo chanya ikizidi ya pembejeo hasi, tokeo linapanda juu. Ikipungua, tokeo linashuka chini. Kwa kulinda betri ya volti 12 ya risasi na asidi, kazi inaonekana nyepesi: gawa volteji ya betri kwa rezista mbili, ilinganishe na volteji rejea isiyobadilika, na betri ikishuka hadi volti 11.4, kata mzigo. Kizingiti kimoja, uamuzi mmoja. Ukiijenga saketi hiyo na kuipima kwa pawasaplai ya mezani, itafanya kazi vizuri. Ukiipeleka kwenye betri halisi, itagonga.

Sababu ni kwamba pawasaplai nzuri haijali kama mzigo upo au haupo, lakini betri inajali. Chukua betri na nyaya zake zenye ukinzani wa jumla wa omu 0.06, na mzigo unaovuta ampea 10. Zidisha, upate volti 0.6. Hizo ndizo volti zinazopotea njiani mzigo ukiwa umewashwa. Komparata inapokata mzigo betri ikisoma 11.4, zile volti 0.6 zinarudi papo hapo na betri inasoma 12.0. Komparata inaona 12.0, inahitimisha kwamba betri ni nzima, inawasha. Mzigo unarudi, volteji inaanguka hadi 11.4, inakata. Hakuna kelele ya umeme wala mawimbi ya redio yaliyoingia hapo. Ni saketi inayojibu matokeo ya uamuzi wake yenyewe. Na betri haikomi kwenye mruko huo wa kwanza: asidi iliyopungua ndani ya vinyweleo vya sahani inaendelea kujazwa na asidi ya nje taratibu, kwa hiyo volteji inaendelea kupanda kidogo kidogo kwa dakika nyingi hata bila kuchajiwa.

Hapa ndipo vitabu vingi vya mwanzo huniacha na kiu. Husema histeresisi ni dawa ya kelele, hutoa mfano wa milivolti kumi au ishirini, na kuishia hapo. Kwa sensa ya mwanga au ishara ya sauti hilo linatosha. Lakini kila mahali ambapo tokeo linageuza hali ya kile kinachopimwa, iwe betri, pampu ya tangi au hita ya kuangulia vifaranga, pengo kati ya vizingiti halipimwi kwa kelele. Linapimwa kwa ukubwa wa mruko ambao saketi yenyewe inausababisha inapowasha au kuzima, na lazima liuzidi mruko huo.

Wazo la kutumia mrejesho chanya kupata vizingiti viwili ni la Otto Schmitt, Mmarekani aliyelibuni mwaka 1934 akiwa bado mwanafunzi, katika utafiti uliohusu mishipa ya fahamu ya ngisi, na akalichapisha mwaka 1938. Yeye alitumia valvu za kioo. Sisi tutumie LM393, komparata ya bei nafuu inayopatikana karibu kila duka la spea za elektroniki, yenye komparata mbili ndani ya kidude cha miguu minane.

Saketi ni hii. LM393 inalishwa volti 5 kutoka regyuleta ya 7805. Pembejeo hasi, pini ya 2, inashikiliwa kwenye volti 2.5 na TL431. Pembejeo chanya, pini ya 3, inakutanisha rezista tatu: R1 inatoka kwenye chanya ya betri, R2 inashuka graundi, na R3 inatoka kwenye tokeo, pini ya 1. Tokeo la LM393 haliwezi kusukuma juu lenyewe. Linaweza tu kuvuta chini au kuachia. Kwa hiyo tunaweka rezista ya kuvuta juu, Rp ya kiloomu 4.7, kutoka pini ya 1 hadi volti 5. Tokeo likiwa juu, mzigo umewashwa. Likiwa chini, umekatwa.

R3 ndiyo mrejesho chanya. Tokeo likiwa juu, R3 inaipa pini ya 3 mkondo kidogo wa nyongeza, na betri inaonekana nzima kuliko ilivyo. Lazima ishuke zaidi ndipo komparata ikate. Ikishakata, tokeo linakwenda chini, na R3 ileile sasa inanyonya mkondo kutoka pini ya 3. Betri inaonekana dhaifu kuliko ilivyo, nayo lazima ipande sana ndipo iwashwe tena. Saketi inashikilia uamuzi wake.

Kukokotoa vizingiti kunategemea jambo moja: komparata hugeuka pale tu pembejeo zake zinapolingana. Kwa hiyo wakati wa kugeuka, pini ya 3 iko kwenye volti 2.5, bila kujali rezista zina thamani gani. Tukijua volteji ya pini hiyo, tunajua mkondo wa R2. Tukijua tokeo liko juu au chini kabla ya kugeuka, tunajua mkondo wa R3. Kinachobaki lazima kitoke kwenye betri kupitia R1:

```
VB = VR + R1 × ( VR/R2 + (VR − VO)/R3 )
```

VB ni volteji ya betri kwenye kizingiti, VR ni ile 2.5, na VO ni volteji ya tokeo kabla halijageuka. Weka VO ya juu, unapata kizingiti cha kukata. Weka VO ya chini, unapata cha kuwasha. Kanuni ni moja, unaitumia mara mbili. Wanaokwama mara nyingi hutafuta kanuni mbili tofauti, kisha wanasahau ipi inahusu hali ipi.

Ukitoa kizingiti kimoja kwenye kingine, karibu kila kitu kinajifuta na kubaki hiki:

```
pengo = (VO ya juu − VO ya chini) × R1/R3
```

Tazama kilichotoweka: R2 haimo, na VR haimo. Pengo linaamuliwa na R1, R3 na mruko wa tokeo peke yake. R2 inasogeza vizingiti vyote viwili pamoja, juu au chini, bila kupanua wala kufinya nafasi kati yao. Anayelielewa hili anaweza kubuni saketi kwa hatua mbili zisizogombana: kwanza upana, halafu mahali.

Tuanze na upana. Nataka kukata kwenye 11.4 na kuwasha kwenye 12.6, pengo la volti 1.2. Sikuchagua 12.6 kwa kubahatisha. Betri ya risasi na asidi iliyoachwa ipumzike husoma karibu 12.7 ikiwa imejaa. Iliyotumika hadi kukatwa haiwezi kujipandisha yenyewe hadi 12.6 kwa kupumzika tu. Volteji hiyo ikionekana baada ya kukata, maana yake paneli imeanza kuchaji. Basi mruko wa papo hapo na ule wa polepole yote iko chini ya kizingiti cha juu.

Tokeo linaruka kutoka karibu sifuri hadi karibu 5. Gawa 1.2 kwa 5, unapata 0.24, ambayo ndiyo R1/R3. Nikichukua R1 ya kiloomu 100, R3 inatakiwa kuwa kiloomu 417. Dukani kuna 390, nayo inapanua pengo kidogo. Kwa kazi hii afadhali pengo lizidi kuliko lipungue.

Sasa mahali. Kwa kuwa 2.5 iko katikati kabisa ya 0 na 5, mrejesho unasukuma juu na chini kwa kiasi sawa, na katikati ya vizingiti ni VR × (1 + R1/R2). Nataka katikati iwe 12.0. Gawa 12 kwa 2.5, upate 4.8, toa 1, ibaki 3.8, gawa 100 kwa 3.8, upate kiloomu 26.3. Hiyo naipata kwa rezista ya 22 ikifuatiwa na trima ya kiloomu 10. Kama rejea yako si nusu ya volteji ya tokeo, R3 nayo itasogeza katikati, na itabidi urudi kwenye kanuni ndefu.

Tuhakikishe kwa thamani halisi. Mkondo wa R2 ni 2.5 kugawa kwa kiloomu 26.3, yaani maikroampea 95.06. Tokeo likiwa juu, mrejesho unapita Rp na R3 pamoja, kiloomu 394.7, na unaleta maikroampea 6.33. Betri inadaiwa 88.73 tu. Zidisha kwa kiloomu 100, upate volti 8.87, ongeza 2.5, na kizingiti cha kukata ni 11.37. Tokeo likiwa chini, haliko sifuri kamili bali karibu volti 0.1, na R3 inanyonya maikroampea 6.15. Betri inadaiwa 101.21, na kizingiti cha kuwasha ni 12.62. Pengo ni volti 1.25.

Linganisha na rezista ya megaomu 1, ambayo wengi huiweka kwa sababu ndiyo iliyochorwa kwenye mchoro fulani wa sensa ya mwanga. Hesabu ileile inatoa 11.76 na 12.25, pengo la volti 0.49. Betri yetu inaruka 0.6 mzigo ukikatwa: kutoka 11.76 inafika 12.36, imepita kizingiti cha juu, inawasha, inaanguka, inakata. Hiyo ndiyo rilei inayogonga usiku. Kwa R3 ya 390, betri inakatwa kwenye 11.37, inaruka hadi 11.97, inapanda polepole zaidi ya hapo, na haifiki 12.62 mpaka jua litoke.

Hesabu hii yote imesimama juu ya dhana kwamba tokeo likiwa juu liko kwenye volti 5. Dhana hiyo ndiyo inayovunjwa mara nyingi kuliko zote, na huvunjwa na sehemu ya saketi ambayo mtu hadhani inahusika. Rilei inahitaji transista ya kuiendesha. Fundi anachukua transista ya kawaida ya NPN, anaunganisha besi yake moja kwa moja kwenye pini ya 1, kwa kuwa Rp tayari inazuia mkondo. Rilei inavuta, kila kitu kinaonekana sawa. Lakini besi ya transista hairuhusu volteji kupanda zaidi ya 0.7 hivi. Pini ya 1, badala ya kufika 5, inakwama kwenye 0.7. Sasa R3 haileti mkondo hata tokeo likiwa juu. Inanyonya maikroampea 4.6. Kokotoa upya: kizingiti cha kukata kimepanda hadi 12.47, huku cha kuwasha kikibaki 12.62. Pengo lote ni volti 0.15. Mtu anaweza kubadilisha rezista siku nzima asione kosa, kwa sababu kila rezista ni sahihi.

Kuligundua ni rahisi: pima pini ya 1 mzigo ukiwa umewashwa. Ukisoma chini sana ya 5, hesabu zako haziihusu saketi iliyo mezani. Tiba ninayoipendelea ni kutumia mosfeti ndogo kama 2N7000, ambayo geti yake haivuti mkondo wa kudumu, ikiwa na dayodi sambamba na koili ya rilei. Kuongeza rezista ya besi ya kiloomu 10 kunasaidia nusu tu: Rp na rezista hiyo zinagawana volteji, tokeo linaishia kwenye 3.6 hivi, na kizingiti cha kukata kinakuwa karibu 11.7.

Jambo linalofanana na hilo hutokea LM393 ikikosekana na LM358 ikawekwa mahali pake. LM358 ni opamp, na kwa volti 5 bila Rp tokeo lake hupanda hadi karibu 3.5 tu. Kizingiti cha juu hakiguswi sana, lakini cha kukata kinasogea hadi 11.75. Saketi itafanya kazi, ila betri itakatwa mapema na mwenye nyumba atalalamika kwamba haidumu. Anayelazimika kuitumia abadilishe VO ndani ya kanuni na achague R3 upya.

Kuhusu usahihi, rezista ndizo za kuangaliwa kwanza, si komparata. Kosa la ndani la LM393 ni milivolti chache, na hata likifika 5 linakuwa kama milivolti 25 tu upande wa betri. Lakini rezista za asilimia 5, R1 ikiwa imezidi na R2 imepungua, zinapeleka katikati hadi 13.0, na mzigo unakatwa kwenye 12.3 betri ikiwa bado na akiba kubwa. Zikikosea upande wa pili, kukata kunashuka hadi 10.5, na betri inakufa kabla ya wakati wake. Rezista za asilimia 1 na trima ndani ya R2 zinamaliza tatizo hilo. Na kwa kuwa R2 haigusi pengo, unaweza kurekebisha kizingiti kimoja tu kwa trima, cha pili kitafuata.

Kupima, unganisha pawasaplai inayorekebishika badala ya betri. Anzia volti 13, shuka taratibu mpaka rilei iachie, andika. Kisha panda taratibu mpaka ivute, andika. Usianzie katikati, kwenye 12 kwa mfano: kati ya vizingiti hali ya tokeo inategemea ilikotoka, na usomaji huo haukuambii kitu. Weka mita kwenye pini ya 3 wakati wa kugeuka. Utaiona inafika 2.5, halafu inadondoka ghafla hadi karibu 2.25. Robo hiyo ya volti ni pengo la volti 1.25 likiwa limegawanywa na rezista zako, na ndiyo ushahidi kwamba mrejesho upo na una nguvu uliyoikokotoa. Kwenye betri yenyewe, R1 ipewe waya wake mwembamba hadi kwenye kichwa cha betri. Ikichukuliwa kwenye waya mnene unaobeba mzigo, mruko wa waya huo unaongezwa kwenye mruko wa betri, na pengo lililotosha mezani halitoshi tena.

Lipo jambo ambalo vizingiti viwili haviwezi kulitatua, hata vikipanuliwa vipi. Kompresa ya friji inapoanza huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi, volteji inazama chini ya 11.37, na saketi inakata mzigo wa nyumba nzima na kuushikilia hivyo mpaka asubuhi, ingawa betri ilikuwa nzima. Hapo pengo pana linageuka kuwa adhabu. Kinachohitajika ni muda: gawa R1 kuwa nusu mbili za kiloomu 50, na weka kapasita ya seramiki ya maikrofaradi 10 kutoka katikati yake hadi graundi. Inachelewesha usomaji kwa takribani theluthi moja ya sekunde, huku R3 ikiendelea kuigeuza pini ya 3 bila kusubiri. Ukiiweka kapasita moja kwa moja kwenye pini ya 3, umeuchelewesha mrejesho wenyewe. Na usitumie kapasita kubwa ya elektroliti: inavuja, na uvujaji wa maikroampea chache ni sawa na mkondo wote wa mrejesho wako, kwa hiyo vizingiti vitahama kadiri kapasita inavyozeeka na joto linavyopanda ndani ya kasha.